"Sukari imerudi kawaida": kauli inayofunga faili kabla ya wakati

Asubuhi ya kwanza au ya pili baada ya kujifungua, mama aliyekuwa na kisukari cha ujauzito huchomwa kidole, mashine ikasoma 4.7 au 5.0, na muuguzi akamweleza kwa furaha kwamba sukari imerudi kawaida. Dawa husimamishwa, daftari la vipimo vya kila siku huwekwa kando, na wote waliopo, mama mwenyewe akiwa wa kwanza, huhamishia macho kwa mtoto. Kauli ile ni ya kweli kwa siku ile. Tatizo ni kwamba husikika kama hukumu ya mwisho, ilhali ni taarifa ya siku moja. Kati ya yote yanayokwenda mrama katika kuwafuatilia wanawake hawa, hilo ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine: kipimo kisichotosha kushika nafasi ya kipimo kinachotosha, na mama kurudi nyumbani akiamini amekwisha kupimwa.

Ili kuona kwa nini sukari hushuka upesi hivyo, inatupasa kuanza na kondo la nyuma. Kuanzia katikati ya mimba, kondo hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mgumu kuitikia insulini, na kwa njia hiyo sukari hubaki kwenye damu muda mrefu zaidi ili mtoto apate sehemu yake. Kongosho lenye akiba ya kutosha hujibu kwa kuongeza insulini, mara mbili au hata tatu ya kiasi chake cha kawaida, na mama hapati kisukari. Kongosho lisilo na akiba hiyo hushindwa, na sukari hupanda. Kondo likishatoka, homoni zake huondoka nalo, mzigo hupungua ghafla, na sukari hushuka hata kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Kongosho lililoelemewa, hata hivyo, ni lile lile alilokuwa nalo jana. Mimba imelionyesha udhaifu wake mapema, labda miaka kumi kabla ya umri na uzito kuja kulionyesha kwa njia nyingine.

Jambo hili si ugunduzi mpya, na hapa historia ina kitu ambacho wengi wanaofanya kazi hii wamekisahau. Mwaka 1964, John O'Sullivan na Claire Mahan walichapisha kutoka Boston vigezo vya kupima sukari wakati wa ujauzito, walivyovipata kwa kuwanywesha wajawazito 752 gramu 100 za glukosi na kupima damu yao kwa saa tatu. Mipaka waliyoichagua haikuhusu uzito wa mtoto wala matatizo ya uzazi. Waliipima kwa swali moja: ni wanawake gani kati ya hawa watakaokuja kupata kisukari miaka ijayo? Kwa maneno mengine, kipimo cha kisukari cha ujauzito kilizaliwa kikiwa kipimo cha kumtabiria mama maisha yake ya baadaye. Afya ya mtoto tumboni ilikuja kuwa msingi wa vigezo baadaye sana, hasa baada ya utafiti wa HAPO uliohusisha wajawazito wapatao 25,000 katika nchi 9, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2008. Kwa hiyo anayeacha kumfuatilia mama baada ya kuzaa anakiacha kipimo kabla hakijajibu swali lililokileta duniani.

Utafiti huo wa HAPO una mwendelezo unaostahili kutajwa. Wanawake walioshiriki walipimwa tena baada ya wastani wa miaka 11 hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Miongoni mwao walikuwamo ambao sukari yao ya ujauzito ilivuka mipaka tunayoitumia leo, lakini wakati ule, kwa vigezo vya siku zile, hawakuambiwa kwamba wana kisukari wala hawakutibiwa. Zaidi ya nusu ya hao, asilimia 52, walikutwa na sukari isiyo ya kawaida, yaani kisukari aina ya pili au hali ya kukielekea, ikilinganishwa na asilimia 20 ya wenzao ambao sukari yao haikuvuka mipaka. Kisukari kamili kilikuwa karibu asilimia 11 dhidi ya chini ya asilimia 2. Hawa walikuwa wanawake wa kiwango cha chini cha ugonjwa. Wale wa sukari kubwa zaidi walikwisha kutambuliwa na kutolewa utafitini mapema. Tafiti nyingine zilizounganishwa pamoja mwaka 2020 zilikadiria kwamba hatari ya mama kupata aina ya pili ni karibu mara kumi ya mwanamke ambaye hakupata kisukari cha ujauzito, na zile zilizofuata wanawake kwa mwaka hadi mwaka zimeonyesha kuwa ongezeko hupanda kwa kasi zaidi katika miaka mitano ya mwanzo.

Sasa tumchukue mama mmoja wa kufikirika ili tuone jambo lenyewe linavyokwenda. Ana miaka 31, na hii ni mimba yake ya pili. Katika wiki ya 26 alikunywa gramu 75 za glukosi: kabla ya kunywa sukari yake ilikuwa 5.3, saa moja baadaye 10.4, na saa mbili baadaye 8.9, zote kwa milimoli kwa lita. (Anayezoea miligramu kwa desilita azidishe kwa 18.) Mipaka ya ujauzito ni 5.1, 10.0 na 8.5, na kuufikia mmoja tu kati ya hiyo kunatosha. Yeye aliivuka yote mitatu. Alibadili chakula, akaongezewa metformini, dawa ya kushusha sukari, akajifungua salama katika wiki ya 38. Kesho yake mashine ya kidole ilisoma 4.8, na akaambiwa ile kauli.

Inayomfaa sasa ni kurudia kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Mipaka hapa haifanani tena na ile ya ujauzito, na kuichanganya ni kosa ninaloliona mara kwa mara, hata kwenye karatasi zilizochapwa vizuri. Kwa mtu asiye mjamzito, sukari ya kabla ya kula ya 7.0 au zaidi, au ya saa mbili ya 11.1 au zaidi, ni kisukari. Sukari ya saa mbili iliyo kati ya 7.8 na 11.0 ni ya hali ya kukielekea. Kwa sukari ya kabla ya kula, hali hiyo huanzia 6.1 kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, na 5.6 kwa vile vya Chama cha Kisukari cha Marekani.

Mama wetu anarudi wiki ya 9. Sukari yake ya kabla ya kula ni 5.4, ya saa mbili ni 9.2. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama angepimwa sukari ya asubuhi peke yake, jambo linalofanyika sana kwa sababu ni rahisi na la haraka, angeambiwa kwa mara ya pili kwamba yuko sawa, na kwa vigezo vyote viwili kweli 5.4 ni sawa. Kilichoonyesha tatizo ni saa mbili baada ya mzigo wa glukosi. Na si ajabu: kwa wanawake wengi waliopata kisukari cha ujauzito, udhaifu uliobaki ni wa kongosho kutotoa insulini ya kutosha kwa wepesi chakula kinapoingia, wakati usiku kucha, bila mzigo, linamudu. Sukari ya asubuhi hulipima kongosho likiwa limepumzika.

Njia nyingine ya mkato ni kile kipimo ambacho kwenye karatasi ya maabara huandikwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita kwa kuangalia ni kiasi gani imeshikamana na himoglobini. Hakihitaji kufunga wala kusubiri, na kwa mtu mzima mwingine ni kipimo kizuri. Tatizo lake katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa linatokana na umri wa chembe nyekundu za damu. Wakati wa ujauzito chembe hizo huishi muda mfupi zaidi, na mama anapopoteza damu kwenye uzazi mwili hutengeneza nyingine mpya ambazo bado hazijapata muda wa kushikamana na sukari. Jibu hutoka chini kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma, ulio wa kawaida kwa waliojifungua, mara nyingi hulipandisha juu badala yake, na selimundu hulivuruga kwa njia zake yenyewe. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unakiruhusu baada ya wiki 13 kwa aliyekosa kupimwa mapema, na haukipendekezi kabla ya hapo. Kwa miaka inayofuata kina nafasi yake.

Hata kipimo sahihi kinaweza kuharibiwa na mambo madogo. Mama aliyeshinda siku tatu akila wanga kidogo sana, kwa hofu aliyoizoea tangu ujauzito, anaweza kupata jibu la saa mbili lililo juu kuliko hali yake, kwa sababu kongosho halikuzoea mzigo; anatakiwa ale kawaida siku zile, kisha afunge kwa muda wa saa nane au zaidi usiku. Kwenye maabara hatari ni ya upande wa pili. Damu iliyokaa kwenye kichupa bila kutenganishwa huendelea kula sukari yake yenyewe, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na kichupa chenye floridi hakizuii jambo hilo mara moja. Damu iliyotolewa saa mbili asubuhi na kusubiri gari la maabara mpaka saa tano imekwisha kupoteza sehemu ya jibu, na 7.9 ya kweli inaweza kusomeka 6.8. Mashine ya kidole nayo ni chombo cha kufuatilia, haifai kutoa hukumu ya ugonjwa, kwani kosa lake linaloruhusiwa ni kubwa kuliko tofauti tunayoitafuta.

Wapo wanaosema kwamba kumtaka mwanamke mwenye mtoto wa miezi miwili afunge usiku kucha, aje na mtoto, anywe maji matamu yanayochefua na akae saa mbili kwenye benchi ni kutaka makuu. Siwapuuzi. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi walio wengi hawaji. Lakini hoja hiyo inahusu mpangilio wa huduma, haihusu thamani ya kipimo, na anaweza kumnyonyesha mtoto wakati akisubiri. Kuna watafiti waliojaribu kukifanya kipimo hicho siku ya pili baada ya kujifungua, mama akiwa bado wodini, na matokeo yake katika kutabiri hali ya mwaka mmoja mbele yalikaribiana na yale ya kipimo cha wiki za baadaye. Ni njia ninayoiona kuwa ya maana kwa mahali ambapo mama akitoka haonekani tena, mradi isiwe kisingizio cha kutomwita. Na kama kweli haiwezekani, sukari ya asubuhi ni bora kuliko kukosa kabisa, mradi anayeandika jibu aandike pia kwamba kipimo cha saa mbili hakikufanyika. Neno "kawaida" lisilo na maelezo hayo ndilo linalodanganya.

Turudi kwa mama wetu na 9.2 yake. Anatakiwa kurudi kila mwaka. Lakini hata kama jibu lake la wiki ya 9 lingekuwa safi kabisa, asingekuwa amevuka. Angepimwa tena kila mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote, kulingana na uzito wake, historia ya familia na kama alihitaji dawa wakati wa ujauzito. Tuseme hakurudi, kama wengi wasivyorudi. Mwaka wa tatu hana dalili yoyote. Mwaka wa tano sukari yake ya asubuhi ni 7.4 na ya saa mbili 12.1, naye hajui, kwa sababu sukari ya kiwango hicho haimfanyi mtu ajisikie mgonjwa. Kiu na kukojoa sana huja sukari ikiwa juu zaidi. Katika hali hiyo anapata mimba ya tatu.

Hapa madhara ya kukosa kipimo hubadilika kabisa. Kisukari cha ujauzito cha kawaida huanza baada ya viungo vya mtoto kuwa vimekwisha kuumbika, hivyo hakimletei kasoro za maumbile. Kisukari aina ya pili kilichokuwapo kabla ya mimba ni jambo jingine: moyo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki nane za mwanzo, pengine mama hajajua bado kama ana mimba, na sukari ya juu katika wiki hizo huongeza hatari ya kasoro na ya mimba kuharibika. Akija kliniki wiki ya 14 na kugundulika, dirisha limekwisha kufungwa. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kama kuna kipimo kimoja kisichopaswa kukosekana kabisa, ni kile kinachofanywa kabla ya mimba inayofuata, na kwamba mazungumzo ya uzazi wa mpango na mwanamke huyu yana pengo kama hayakuuliza sukari ilipimwa lini.

Kupima kungekuwa na faida ndogo kama kusingekuwa na la kufanya baadaye. Lipo. Mpango mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari ulikuwa na kundi la wanawake wenye sukari ya kuelekea ugonjwa ambao waliwahi kupata kisukari cha ujauzito. Bila msaada wowote, walipata aina ya pili kwa kiwango cha asilimia 71 zaidi ya akina mama wengine wenye sukari ile ile. Kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kuliipunguza hatari hiyo kwa nusu hivi, na metformini nayo kwa nusu hivi, ingawa kwa wanawake wasio na historia hiyo dawa ilisaidia kidogo tu. Miaka kumi baadaye faida ilikuwa imepungua, ila ilikuwapo bado: asilimia 35 kwa njia ya kwanza na 40 kwa dawa. Kuna tahadhari moja. Wanawake hao walikuwa na wastani wa miaka 12 tangu mimba ile, maana yake waliougua mapema hawakuwamo, na hatuwezi kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja hadi kwa mama wa wiki ya 9. Unyonyeshaji nao umehusishwa na hatari ndogo zaidi katika miaka miwili ya mwanzo, ingawa huo ni ushahidi wa kuangalia tu, kwani hakuna awezaye kuwagawa akina mama kwa kura kati ya kunyonyesha na kutonyonyesha.

Mtoto anayo hadithi yake, na inasimuliwa vibaya kuliko ya mama. Sukari ya mama huvuka kondo. Insulini yake haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi ya kwake, nayo humjengea mafuta na huenda ikabadili jinsi mwili wake utakavyoitumia sukari baadaye. Swali gumu limekuwa ni kutofautisha athari hiyo na urithi wa kawaida, kwa kuwa mama huyo huyo humpa mtoto vinasaba na chakula cha nyumbani. Watafiti waliofanya kazi na Wapima, jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, walipata njia nzuri: walilinganisha ndugu wa mama mmoja, waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari na waliozaliwa baadaye. Waliozaliwa baadaye walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari zaidi ya mara tatu ya kaka na dada zao. Mama hao walikuwa na aina ya pili, kali kuliko kisukari cha ujauzito cha kawaida, kwa hiyo namba hiyo isibebwe kama ilivyo. Katika watoto wa HAPO, waliopimwa wakiwa na miaka 10 hadi 14, asilimia 10.6 ya waliokuwa tumboni wakati mama ana kisukari cha ujauzito walikuwa na sukari ya saa mbili iliyopanda, dhidi ya asilimia 5 ya wengine.

Ni mara mbili, lakini tuiseme hivi pia: tisa kati ya kumi hawakuwa nayo. Sioni sababu ya kumchoma kidole mtoto wa miaka mitatu, wala ya kumfanya mama ajione kama aliyemdhuru mwanawe. Isitoshe, majaribio ya kutibu kisukari cha ujauzito, ambayo yamethibitisha faida wakati wa kuzaliwa, hayajaonyesha wazi kwamba yanazuia unene wa mtoto miaka mitano au kumi baadaye. Mwongozo wa Marekani unashika njia ya kati ambayo naiona ya busara: mtoto mwenye uzito uliozidi, na ambaye mama yake alikuwa na kisukari cha ujauzito alipombeba, apimwe kuanzia miaka 10 au anapoanza kubalehe, lolote litakalotangulia. Lakini mwongozo huo unamtaka daktari wa mtoto ajue jambo lililotokea kabla mtoto hajazaliwa, nalo kwa kawaida liko kwenye faili la mama, katika idara nyingine, pengine hospitali nyingine.

Hapo ndipo uzi unapokatikia, kwa mama na kwa mtoto vilevile. Mkunga na daktari wa uzazi wana taarifa yote, na kazi yao huisha mama anaporuhusiwa. Kliniki ya kisukari haimjui, kwa kuwa kwa siku ile hana kisukari. Kliniki ya watoto inamwona mama kila baada ya wiki chache akiwa amembeba mwanawe kwa chanjo, na haimpimi kwa sababu mgonjwa wake ni mtoto. Ningependekeza jambo dogo kuliko kampeni yoyote: karatasi ya kuruhusiwa iwe na tarehe ya kipimo cha glukosi, imepangwa siku moja na chanjo fulani kati ya wiki ya 6 na ya 12, na maneno "kisukari cha ujauzito" yaandikwe kwenye kadi ya mtoto pia, karibu na uzito wake wa kuzaliwa, mahali ambapo mtu wa miaka kumi ijayo atayakuta akifungua ukurasa wa kwanza.